Aliye Katikati ya Mstari: Kufundisha Wastani, Namba ya Kati na Modi kwa Vimo vya Darasa

Mwalimu anayeingia darasani kufundisha wastani hukuta neno lenyewe limemtangulia. Mwanafunzi wa sekondari amelisikia tangu utotoni: mtu wa kimo cha wastani, nyumba ya wastani, maisha ya wastani. Katika mazungumzo hayo yote hakuna aliyejumlisha wala kugawanya. Anayesema jirani yake ni wa kimo cha wastani anamaanisha kwamba jirani huyo si mrefu na si mfupi, yupo hapo katikati. Asili ya neno inamuunga mkono, kwa sababu limetoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya katikati. Halafu ukifika ubaoni ukaandika kwamba wastani ni jumla ya namba zote kugawanya kwa idadi yake, mwanafunzi ananakili kanuni, lakini kichwani anabaki na maana ile ya zamani. Ndiyo maana ataendelea kuamini kwamba nusu ya darasa lazima iwe juu ya wastani na nusu chini yake, na ndiyo maana baadaye namba ya kati ikifundishwa ataiona kama njia nyingine ya kupata jibu lile lile. Hoja ya mwongozo huu ni kwamba mpangilio wa somo ugeuzwe. Anza na namba ya kati, kwa kuwa mwanafunzi anayo tayari ila haijui kwa jina. Kisha leta wastani kama kitu kipya kabisa. Modi iache iwe ya mwisho. Na kwa mpangilio huo sioni data inayofaa kuliko vimo vya wanafunzi wenyewe, kwa sababu kimo ni namba inayoweza kusimama kwenye mstari.

Kusimama kwa kimo si jambo geni kwao. Paredi ya asubuhi katika shule nyingi hupangwa hivyo, wafupi mbele na warefu nyuma. Kwa hiyo kabla ya kutoa futi, omba wanafunzi 11 wajitolee kusimama mbele ya darasa, wajipange wenyewe kuanzia mfupi hadi mrefu. Idadi iwe witiri kwa mara ya kwanza, sababu utaiona baadaye. Waambie walio pembeni kabisa, mmoja kila upande, wakae chini kwa pamoja. Kisha wawili wanaofuata, na wawili wengine, mpaka abaki mmoja amesimama. Huyo ndiye wa kati: watano walikuwa wafupi kuliko yeye au sawa naye, watano walikuwa warefu kuliko yeye au sawa naye. Hakuna namba iliyotajwa mpaka hapo. Sasa mpime huyo mmoja tu, na kimo chake ndicho namba ya kati ya kundi zima. Mwaka 1875 Mwingereza Francis Galton alieleza wazo hilo hilo: ukiwapanga watu kwa kimo, aliye katikati ya safu anatosha kukupa kimo cha kati cha kundi, bila kupima kila mtu. Mwache mwanafunzi alishangae jambo hili kidogo, maana wastani hauna njia ya mkato ya namna hiyo. Ili upate wastani lazima uwe na taarifa ya kila mtu, au angalau jumla yao.

Baada ya hapo wote wapimwe. Chombo kinachopatikana kirahisi ni futi ya fundi cherehani, nayo ina urefu wa sentimita 150, wakati nusu ya darasa lako huenda imepita hapo. Usiunge futi mbili. Pima sentimita 100 kutoka sakafuni kwa rula ya mita, weka alama ukutani, kisha bandika futi kwa gundi ya karatasi, sifuri yake ikiwa kwenye alama ile. Mwanafunzi anayesomeka 47 ana sentimita 147. Avue viatu, visigino viguse ukuta, atazame mbele. Mwenzake aweke kitabu chenye jalada gumu juu ya kichwa, upande mmoja wa kitabu ukiwa umelala ukutani, asome chini ya kitabu. Nywele zilizosukwa kwa kusimama au kilemba huongeza kipimo, kwa hiyo kitabu kikandamizwe kidogo. Kila mtu apimwe mara mbili na watu wawili tofauti, na vipimo vikipishana kwa sentimita moja au zaidi apimwe tena. Kazi yote ifanyike katika kipindi kimoja, kwa sababu mwili hupungua kimo kwa kiasi cha sentimita moja kati ya asubuhi na jioni, uti wa mgongo ukigandamizwa na uzito wake. Wanaopimwa leo asubuhi na wanaopimwa kesho saa tisa alasiri hawalingani kwa haki.

Tuchukue kundi la mfano, namba zikiwa zimeandikwa kama zilivyosomwa kwenye mstari, kwa sentimita: 141, 144, 147, 147, 149, 150, 151, 155, 158, 163, 167. Wa sita ana 150, na hiyo ndiyo namba ya kati. Hapa ndipo kosa kubwa la somo hili hutokea, nalo halitokei kwenye mstari bali kwenye daftari. Mwanafunzi akipewa namba hizo kwa mpangilio wa majina ya rejista, anahesabu mpaka ya sita na kuizungushia duara bila kuzipanga. Akikosea hivyo usimrudie kanuni. Wasimamishe wale 11 kwa mpangilio wa rejista, mrefu katikati ya wafupi wawili, kisha muulize kama huyo wa sita yupo katikati ya vimo au katikati ya majina tu. Jicho lake litamjibu. Kisha ongeza mwanafunzi wa 12 ili wa kati wawe wawili, na darasa liamue lifanye nini. Wengi watasema kimo kipo kati ya hao wawili, na nusu ya njia ndiyo mapatano. Kanuni ya idadi shufwa inakuwa imetoka kwao.

Wastani sasa uingie kwa mlango wake mwenyewe. Swali lake si nani yupo katikati. Swali lake ni hili: kama vimo vyote vingewekwa pamoja kisha vikagawanywa sawasawa, kila mmoja angepata kiasi gani? Chukua kundi jingine, la wanafunzi wanane. Kila mmoja akatiwe kamba ya katani yenye urefu sawa na kimo chake, kutoka kisigino hadi utosini. Toka nao uwanjani, walaze kamba hizo chini kwa mfuatano, ncha kwa ncha, bila kufunga mafundo kwa kuwa fundo hula kamba. Mtapata mstari wa takribani mita 12. Kata kamba moja ndefu inayolingana na mstari huo wote, ikunje katikati mara tatu. Imegawanyika sehemu nane zilizo sawa, na urefu wa sehemu moja ndio wastani. Mpe kila mmoja wa wale wanane ajilinganishe nao. Mara nyingi hapatikani hata mmoja aliyelingana nao kamili, na hilo lisemwe wazi: namba ya kati katika kundi la idadi witiri ni kimo cha mtu unayeweza kumshika mkono, ila wastani unaweza usiwe kimo cha yeyote.

Rudini darasani kwenye wale 11. Kwa kuwa futi ilianzia alama ya 100, hakuna haja ya kujumlisha namba kubwa. Jumlisheni namba zilizosomwa kwenye futi tu: 41, 44, 47, 47, 49, 50, 51, 55, 58, 63 na 67, jumla yake 572. Gawanya kwa 11 upate 52, rudisha ile 100, wastani ni sentimita 152. Bila kutaja jina la mbinu hiyo, umeshawafundisha njia ya wastani wa kudhania ambayo baadaye watakutana nayo kwenye majedwali marefu. Kosa la kutarajia ni mwanafunzi kusahau kurudisha 100, na kinga yake ni mazoea ya kutazama jibu: darasa la watu wenye wastani wa kimo cha sentimita 52 halipo. Mazoea hayo hayo yatamkamata aliyegawanya kwa 10 badala ya 11 akapata zaidi ya 157. Jibu lake halijavuka kimo cha mrefu kuliko wote, kwa hiyo halimshtui mara moja. Lakini kuna kipimo kingine kinacholiumbua. Waandike kila mwanafunzi amepungukiwa kiasi gani na wastani, au ameuzidi kwa kiasi gani. Wa chini wamepungukiwa 11, 8, 5, 5, 3, 2 na 1, jumla 35. Wa juu wamezidi 3, 6, 11 na 15, jumla pia 35. Pengo la wa chini linajazwa sawasawa na ziada ya wa juu. Wastani wa kweli ndio pekee wenye sifa hiyo. Ukiweka namba nyingine yoyote, pande mbili hazilingani.

Kaa kwenye mahesabu haya, usiyakimbie, kwa sababu yamebeba jibu la imani ile tuliyoanza nayo. Hesabu watu badala ya sentimita: saba wapo chini ya wastani, wanne tu wapo juu. Wanne wenye ziada kubwa wanawafidia saba wenye mapengo madogo. Namba ya kati inahesabu vichwa na haijali mtu yupo mbali kiasi gani. Wastani unapima umbali na haujali vichwa vingapi vipo kila upande. Mwanafunzi akishaona 7 na 4 kwa watu anaowajua kwa majina, hatarudi kudai kwamba nusu ya watu lazima wawe juu ya wastani. Sasa mwalimu mwenyewe aingie kwenye mstari. Tuseme una kimo cha sentimita 181. Unasimama mwishoni, baada ya yule wa 167. Waulize kabla ya kukokotoa: namba ya kati itasogea kiasi gani? Wa kati sasa ni wawili, 150 na 151, kwa hiyo namba ya kati ni 150.5, imesogea nusu sentimita. Wastani nao? Umekuja na ziada ya 29 juu ya 152, na ziada hiyo inagawanywa kwa watu 12, karibu sentimita 2.4 kwa kila mmoja. Wastani mpya ni takribani 154.4. Kisha uliza lililo gumu zaidi: je, kama mwalimu angekuwa na mita mbili na nusu? Namba ya kati ingebaki pale pale 150.5, kwa sababu mwisho wa mstari ni mwisho wa mstari. Wastani ungepanda tena. Hapo hata anayechukia hesabu anaona kwa nini mapato ya kijiji chenye tajiri mmoja hayaelezwi vizuri kwa wastani.

Modi nimeiacha mwisho kwa makusudi, na hapa nakubaliana na pingamizi moja kabla halijatolewa: vimo si data nzuri ya kufundishia modi. Katika kundi letu modi ni 147, kwa sababu tu wawili wamegongana hapo. Lakini kugongana huko ni kazi ya kukadiria. Wapimeni hao wawili kwa milimita. Mmoja akitoka 146.8 na mwingine 147.3, modi imeyeyuka, na hakuna aliyekua wala kupungua. Wengine watasema basi tumia data nyingine, idadi ya ndugu au namba za viatu, zinazogongana kwa wingi. Ushauri wangu ni kutumia namba za viatu pia, dakika kumi tu, ili modi ionekane ikifanya kazi yake halali: muuza viatu haagizi wastani wa namba za viatu, anaagiza zaidi namba inayovaliwa na wengi. Lakini usiache kuipima modi kwenye vimo, kwa sababu inapofeli ndipo inapofundisha. Mwanafunzi anayeona modi ikitokea na kupotea kwa kubadilisha usahihi wa kipimo ameelewa kwa nini data ya kupimwa hupangwa katika makundi, na kwa nini tunataja kundi lenye wengi badala ya namba moja. Wagawe vimo kwa sentimita tano tano, kuanzia 140 hadi 144, 145 hadi 149, na kuendelea. Kundi la 145 hadi 149 lina watatu, ndilo kubwa. Sasa anzeni kugawa kutoka 141: kundi la 146 hadi 150 linapata wanne. Watu ni wale wale, mipaka imesogea, na kilele kimesogea nayo.

Kuna modi nyingine ya kuitilia shaka. Ukusanye vimo vya darasa zima, halafu tazama tarakimu ya mwisho ya kila namba. Zikiwa nyingi zinaishia na 0 au 5, na modi ya darasa ikawa 150 au 155, modi hiyo si ya wanafunzi, ni ya waliosoma futi kwa haraka na kuvutwa na mistari mirefu. Lifanye darasa ligundue lenyewe. Na mwanafunzi akikujibu kwamba modi ni 2, amekupa idadi ya waliogongana badala ya kimo walichogongania. Muulize 2 ni sentimita ngapi za nani.

Pingamizi zito zaidi linahusu aibu. Katika umri huu vimo vimetawanyika kuliko wakati mwingine wowote, kwa sababu wasichana huanza kukua kwa kasi takribani miaka miwili kabla ya wavulana, na mvulana mfupi wa kidato cha kwanza anakumbushwa ufupi wake kila siku bila msaada wa hesabu. Kumsimamisha wa kwanza kwenye mstari mbele ya wenzake ni kumuumiza. Pingamizi hili ni la kweli na halijibiwi kwa kusema watoto wazoee. Linajibiwa kwa utaratibu. Wa mstarini wawe waliojitolea. Wengine wapimwe kwenye kona, kipimo kiandikwe kwenye kikaratasi bila jina, vikaratasi vyote vichanganywe kwenye boksi. Mstari wa pili uwe wa kamba: kila kamba imetundikwa kwenye waya ukutani, na hakuna anayejua ya nani. Kila kilichofanywa na watu kinaweza kufanywa na kamba isipokuwa kukaa chini. Asiyetaka kupimwa asilazimishwe. Somo halipungukiwi kitu kwa kumkosa mmoja. Na usiyasome majina ya aliye chini na aliye juu. Galton yule yule aliyetupa mstari ndiye aliyeasisi eujeniki, fikra ya kuwapanga wanadamu kwa ubora wa miili na koo zao, na hatari hiyo haianzi na maabara. Inaanza na mzaha wa darasani ambao mwalimu ameuachia.

Pingamizi la mwisho ni la muda na wingi wa wanafunzi. Darasa la watu 70 haliwezi kupimwa na futi moja kwa vipindi viwili, na mtihani unauliza jedwali, hauulizi mstari. Kuhusu wingi, bandikeni futi tatu au nne katika kuta tofauti, kila moja ikianzia alama ile ile ya sentimita 100, na vikundi vya watu 11 vifanye kazi sambamba. Namba chache zinatosha kwa kukokotoa, na vikaratasi vya darasa zima vitumike somo linalofuata. Kuhusu mtihani, jedwali la marudio ni mstari uliokunjwa. Tuseme darasa la watu 45 lina wanafunzi 6 wenye 145, 9 wenye 147, 7 wenye 149, 8 wenye 150, na waliobaki 15 wapo juu ya hapo. Wa kati ni wa 23. Anayekokotoa bila picha kichwani hutazama safu ya vimo na kuchagua kimo kilichoandikwa katikati ya safu hiyo, kana kwamba kila kimo kina mtu mmoja. Aliyewahi kusimama kwenye mstari anautembea: sita wa mwanzo, tisa wengine ni 15, saba wengine ni 22, kwa hiyo wa 23 ndiye wa kwanza kati ya wale wanane. Namba ya kati ni 150. Kujumlisha marudio hatua kwa hatua, ambako vitabu hukuleta kama kanuni nyingine ya kukariri, ni kuhesabu watu ukipita mbele yao tu.

Kama unataka kujua nani ameelewa, usiwape namba nyingine 11 wakokotoe. Wape swali hili. Kwenye kundi letu la wanafunzi 11 amehamia mgeni ambaye hamkumwona. Mmeambiwa tu kwamba baada ya yeye kuingia wastani umebaki 152. Ana kimo gani? Anayejua kanuni peke yake ataanza kuzidisha 152 kwa 12 na kutoa 1672, naye atafika. Aliyekunja kamba atasema papo hapo kwamba mgeni ana 152, maana hakuleta ziada wala pengo. Kisha badilisha: mmeambiwa tu kwamba namba ya kati sasa ni 150.5. Ana kimo gani? Hapa hakuna jibu moja. Anaweza kuwa na 151, anaweza kuwa na 190. Kinachojulikana ni kwamba amesimama upande wa warefu. Malizia na modi: mmeambiwa imebaki 147. Waache wabishane mgeni huyo anaweza kuwa na vimo gani, na nani asiyeweza kulingana naye.